Grafu ikishuka chini ya mhimili wa muda

Swali: Shikamoo mwalimu. Tumepewa grafu ya velositi na muda ya kichwa cha treni kinachopanga mabehewa stesheni. Kinaanza kikiwa kimesimama, kinafika 6 m/s sekunde ya 12, kinaenda hivyohivyo hadi sekunde ya 32. Kisha mstari unashuka moja kwa moja, unakata mhimili sekunde ya 40 na kufika -3 m/s sekunde ya 44. Unalala hapo hadi sekunde ya 54, halafu unarudi sifuri sekunde ya 60. Mhamo nimepata mita 225, majibu yanasema 135. Mchapuko kati ya sekunde 32 na 44 nimegawa -3 kwa 44, nao wamekataa. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Maeneo yako yote umeyapata sawasawa, kilichokuponza ni alama ya kutoa. Tuanze na sehemu iliyo juu ya mhimili. Kuna pembetatu ya sekunde 12 za mwanzo, nusu ya 12 mara 6, yaani mita 36. Kuna mstatili wa sekunde 20 kwa 6 m/s, mita 120. Na kuna pembetatu ya kupunguza mwendo, sekunde ya 32 hadi ya 40, mita 24. Jumla ni mita 180, zote za kwenda mbele.

Sekunde ya 40 ndipo penye siri ya swali zima. Mstari unapokata mhimili wa muda, velositi ni sifuri: treni imesimama kitambo kidogo, na baada ya hapo inarudi nyuma. Kwa hiyo kipande cha kuanzia sekunde ya 32 hadi ya 44 usikipime kama umbo moja, hata kama mstari umenyooka. Kikate pale pale kwenye mhimili. Chini yake utapata pembetatu ya mita 6, mstatili wa mita 30 na pembetatu ya mwisho ya mita 9, jumla 45, nazo ni za kurudi.

Ukijumlisha 180 na 45 unapata 225. Huo ni umbali ambao magurudumu yameupita kwenye reli, na swali lingeuliza umbali ungekuwa umepata. Mhamo unauliza jambo jingine: treni imeishia mita ngapi kutoka pale ilipoanzia, na upande gani? Ilikwenda mbele mita 180, ikarudi 45, basi iko mita 135 mbele ya pale ilipoanzia.

Sasa mchapuko. Mchapuko ni mwinamo wa mstari, na mwinamo unapimwa ndani ya kipande chenyewe: velositi imebadilika kwa kiasi gani, na kwa sekunde ngapi. Wewe umechukua velositi ya mwisho ukaigawa kwa saa ilivyosoma. Njia hiyo inafaa kipande cha kwanza tu, kwa sababu chenyewe kinaanzia sifuri kwa velositi na kwa muda: 6 ÷ 12 = 0.5 m/s². Hapa velositi imetoka 6 ikafika -3, mabadiliko ya -9, ndani ya sekunde 12:

(-3 - 6) ÷ (44 - 32) = -0.75 m/s²

Angalia kwamba mchapuko huo ni uleule kabla ya sekunde ya 40, baada yake, na hata sekunde ya 40 yenyewe ambapo treni imesimama. Wanafunzi wengi huandika sifuri hapo kwa kuwa velositi ni sifuri. Mwinamo haujabadilika, kwa hiyo mchapuko nao haujabadilika.

Na usisome alama ya kutoa kama "inapunguza mwendo". Kati ya sekunde 40 na 44 mchapuko ni hasi, lakini treni inazidi kushika kasi kurudi nyuma. Kati ya 54 na 60 mchapuko ni chanya, 3 ÷ 6 = 0.5 m/s², na hapo treni inafunga breki. Tazama mstari: ukiusogelea mhimili wa muda, mwendo unapungua; ukiukimbia, mwendo unaongezeka, iwe juu au chini.

Grafu yako ina kona kali, mfano sekunde ya 12. Treni halisi haibadilishi mchapuko ghafla hivyo, kona zake zingekuwa za mviringo. Ukipewa grafu ya namna hiyo, eneo utalikadiria kwa kuhesabu miraba, na mchapuko kwa kuchora mstari unaoigusa tu grafu kwenye sekunde unayoitaka, kisha upime mwinamo wa mstari huo. Uchore mrefu: ukiwa mfupi, kosa dogo la rula linageuka kosa kubwa kwenye jibu.