Mudogo wangu kisha kuzaa, na namna ya kuongea na wazee waliosema "hakuna ugonjwa hapa"

Nitaongea juu ya hali moja tu, depresio ya kisha kuzaa, juu njo ile naijua: mwanamuke amezaa, wiki zinapita, anazidi kunyauka, na wazee wa nyumbani wanasema ni uvivu, ao ni mapepo, ao ni kizazi cha leo kisichojua kuvumilia. Ilitufikia sisi hapa Bukavu, kwa mudogo wangu, alipozaa mutoto wake wa pili.

Siku za kwanza alikuwa analia na hatukushituka, na wewe pia usishituke, wanamuke wengi wanalia siku za kwanza kisha kuzaa, wanakasirika juu ya kitu kidogo, na inaisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Yake haikuisha. Mutoto akilala yeye iko macho, anaangalia mabati mupaka asubui. Bugali tunaleta, anakata tonge moja anaacha. Akinyonyesha anageuza uso upande wa ukuta. Kisha akaniambia, na sauti ya kawaida kabisa, "Yaya, huyu mutoto angepata mama mwingine, ingekuwa bahati yake." Pale njo nilijua kama haiko uchovu tena.

Sasa wazee. Koko: "Mie nilizaa munane, nikarudi ku shamba, nani alinipeleka kwa muganga wa kichwa?" Mama mukubwa anataka tumupeleke ku chumba cha maombi afunge siku tatu. Baba mukubwa, mwenye neno la mwisho na mwenye kutoa franga, alijibu kwa neno moja: mu famiye yetu hakuna wazimu. Na usitaje Sosame, juu watu wengi hapa wakisikia ile jina wanaona mutu anayetembea uchi mu barabara, wakati Sosame ni kituo cha kutunza magonjwa ya kichwa, cha Bafrere wa Sharite, iko hapa tangu 1994, na mutu anaweza kwenda pale kwa konsultasio na kurudi kwake, si lazima walaze.

Kitu cha kwanza naweza kukushauri: usiongee mu kikao cha famiye. Mbele ya watu muzee hawezi kubadilisha neno alilosema, atalilinda tu. Tafuta muzee mumoja, peke yake, saa ametulia. Mie nilianza na koko juu baba mukubwa hasikilizi mutu mwingine. Nilimukuta anachagua maharagi, nikaikala chini nikachagua naye, na sikumuambia jina la ugonjwa hata moja. Nilimuuliza: "Koko, zamani mwanamuke akizaa, nani alikuwa anamupikia? Nani alikuwa analala na mutoto?" Akaanza kuhesabu, mama mukwe, mashangazi, wake wenzake, mwanamuke hakugusa jiko. Nikauliza tena: "Na hata vile, hukuona mwenye alibadilika kisha kuzaa?" Akanyamaza, kisha akaniambia juu ya jirani wao mu kijiji, aliyekuwa anatoka usiku akiacha mutoto ndani, walisema amerogwa, alikufa mu mutoni. Koko mwenyewe njo alisema: "Haikuwa uvivu, yule alikuwa anafanya kazi kuliko sisi wote."

Muzee akifika pale usikimbilie kumushinda. Nilimuambia tu kile naona kwa macho: halali, hali, anasema mutoto angepata mama mwingine, na imezidi wiki mbili. Muzee anaweza kukukatalia jina la ugonjwa mupaka kesho, lakini hawezi kukatalia usingizi ambao yeye mwenyewe amemusikia mutu akikosa usiku mu chumba cha pili.

Kwa mama mukubwa sikubishana juu ya mapepo. Kama unaanza kuuliza ni nini ilileta, mutabishana mwaka muzima na mugonjwa anabaki pale. Nilisema: "Mama mukubwa, maombi tuendelee, pastere akuje hapa nyumbani muchana. Lakini kufunga hapana, ananyonyesha na hata sasa hali." Alikubali juu sikumunyanganya maombi yake. Na kufunga ni kitu cha kukataza kabisa, ao kumukesha usiku mu maombi, juu kukosa usingizi kunazidisha ile hali haraka sana.

Kwa baba mukubwa ni koko aliyeongea, mie niliongeza tu ombi ndogo: apimwe damu ku sante. Haikuwa ujanja. Mwanamuke aliyepoteza damu mingi akizaa anaweza kuishiwa damu, na hiyo peke yake inaleta uchovu na kichwa kizito, kwa hiyo muganga muzuri anaanza kuangalia pale, na malaria pia. Infirmiye alipima, kisha akamuuliza juu ya usingizi, chakula, na kama kuna siku anaona heri asiamuke tena. Koko alikuwa pale, akashituka, "Unamutia hilo wazo mu kichwa!" Wazee wengi wanaogopa vile. OMS inasema wazi kama kumuuliza mutu hivyo hakumutii wazo, kunamupa nafasi ya kulitoa. Mudogo wangu alilia, akajibu ndiyo. Hata mama mukubwa hakusema tena uvivu. Infirmiye alituambia pia kama mu nchi sawa yetu, karibu mwanamuke 1 kwa 5 aliyezaa anapata tatizo la namna hii, na zaidi ni depresio. Baba mukubwa alishika hiyo namba kuliko yote, juu kama ni wengi vile, haiko aibu ya ukoo wake.

Kuna hali moja ambayo usingoje kuongea na muzee yeyote: akisikia sauti, akisema mutoto si wake ao ni shetani, akiongea mambo yasiyoshikana, akipanga kujiua ao kumuumiza mutoto. Hiyo ni lopitali siku ile ile, na mutoto asibaki naye peke yake hata dakika moja. Wazee utawaelezea nyuma.

Kwa matunzo, walimupangia kuongea na psikologe kila wiki, na sisi tukapewa kazi: usiku mutu mwingine akae na mutoto ili mama alale masaa ine ao tano bila kuamushwa. Koko alishika hiyo kazi, na kama uko na muzee anayekataa, mupe kazi, atabadilika akiwa ndani kuliko akiwa mulangoni. Dawa pia iliandikwa. Sema mapema kama ananyonyesha, juu zingine hazifai, muganga atachagua. Na uambie wazee mbele ya kuanza: dawa inachukua wiki kadhaa ili isaidie, na siku za kwanza anaweza kukauka mudomo ao kusinzia. Usipowaambia, watasema "ile dawa inamulevya" na wataitupa.

Fujo ya mwisho ilikuja alipopona. Alianza kucheka, kumuogesha mutoto mwenyewe, na baba mukubwa akasema sasa dawa inatosha, franga ziende ku minervali. Lakini dawa hii inaendelea angalau miezi 9 kisha mutu kujisikia muzuri, na haikatwi mara moja, muganga anaipunguza pole pole. Mie sikumujibu. Nilimuomba tuende naye ku randevu, na karatasi ya dawa mu mukono wake, amuulize muganga yeye mwenyewe. Aliuliza maswali kuliko sisi wote, na kutoka siku ile ni yeye anayekumbusha tarehe.