Mhuri wa posta si anwani

Wadogo zangu mnaoingiza anwani za waliotuandikia, nimepitia orodha zenu na kukuta makosa yaleyale ya miaka yote. Tuelewane.

1. Kila bahasha ipeni namba kwa penseli pembeni, na namba hiyo iwe safu ya kwanza. Safu ya postikodi ipangeni kuwa ya maandishi kabla ya kuchapa, la sivyo 04312 itageuka 4312.

2. Tarakimu yenye utata msiikodolee macho peke yake. Tuseme postikodi inasomeka 40?62, na hapo katikati pana 1 au 7. Rudini kwenye namba ya nyumba ya mtu huyohuyo: kaandika 17, na 7 yake ina kistari tumboni. Ile yenye utata haina kistari, kwa hiyo inaelekea kuwa 1. Sasa fungueni orodha ya postikodi mwone kama 40162 ni ya mji ulioandikwa kwenye bahasha. Ikiwa ni ya mji huo, andikeni. Ikiwa 40162 na 40762 zote ni za mji huohuo, orodha haitawasaidia. Mmebaki na ushahidi wa mkono tu, basi wekeni alama kwenye safu ya shaka.

3. Hapa ndipo panaponiuma. Mji hausomeki, wino umetapakaa, halafu mhuri wa posta uko palepale juu, herufi zimechapwa vizuri. Mnachukua mji wa mhuri. Lakini mhuri unaonyesha barua ilipopokelewa au kuchambuliwa na posta. Mwandishi anaweza kuwa anaishi mji mwingine kabisa, na huenda barua aliitumbukiza akiwa safarini. Kosa hilo peke yake lingekamatwa, kwa sababu mji usingelingana na postikodi. Ila mkiona postikodi nayo imefifia, mnaijaza kutokana na mji mliouchukua kwenye mhuri. Sasa safu mbili zinakubaliana, ukaguzi unapita, mstari unang'aa kwa usafi, na zote mbili ni za uongo. Hakuna atakayejua mpaka barua irudi, na huenda isirudi, ikaishia kwa mtu mwingine kwenye mtaa wenye jina lilelile. Majina ya mitaa hujirudia mji hadi mji, tafadhali likumbukeni hilo.

Kwa hiyo mji na postikodi kila kimoja kisomwe kwenye mwandiko wake. Geuzeni bahasha pia, maana wengi huandika anwani yao nyuma, kwenye kifuniko. Kisichosomeka kiachwe wazi na kiwekewe alama ya shaka. Kisha mpeni mwenzenu bahasha bila kumwambia ninyi mmesoma nini, kwa sababu akishasikia jina la mji, atauona huohuo.