Debiti, Krediti na Pochi ya Simu: Kwanza Uliza Pesa ni za Nani

Mpwa wangu alifungua akaunti ya benki hapa Nairobi, akapewa kadi ya debiti, na kabla hajaizoea akapigiwa simu ashawishiwe kuchukua ya krediti pia. Aliniuliza: "Mjomba, hii ya pili ni ya kazi gani, na M-Pesa ninayo?" Nilimjibu kwamba kadi hizo hufanana kwa umbo, lakini kila moja huchota pesa mahali pake.

Kadi ya debiti huchota katika akaunti yako mwenyewe. Ukinunua redio ya shilingi 6,000 Luthuli Avenue, salio lako hupungua kwa kiasi hicho, na kama halitoshi, mashine kwa kawaida hukataa. Kuitumia kulipia dukani na kuitumia kutoa pesa kwenye ATM ni mambo mawili tofauti, kwa kuwa kutoa pesa huwa na ada, hasa kwenye ATM ya benki nyingine.

Pochi ya simu, kama vile M-Pesa au Airtel Money, nayo hutumia pesa zako, ila zile tu ulizoziweka humo. Salio la M-Pesa haliwezi kuzidi shilingi 500,000, na muamala mmoja hauwezi kupita 250,000. Hatari yake kubwa ni kutuma kwa nambari isiyo sahihi. Soma jina linalojitokeza kabla ya kuthibitisha, na ukikosea peleka ujumbe wa muamala huo kwa 456 bila kuchelewa, kwa maana mpokeaji akishazitoa au kuzitumia ni vigumu kuzirudisha. Vilevile usisahau kwamba ukijiunga na Fuliza, pochi hiyo inaweza kukukopesha: salio lisipotosha, muamala hukamilika kwa mkopo wenye ada, na pesa zinazoingia baadaye hukatwa kwanza kulipa deni hilo. Wengi hushangaa kuona pesa walizotumiwa zimepungua, kumbe walikuwa wakidaiwa.

Kadi ya krediti ndiyo inayohitaji maelezo marefu. Pesa unazotumia ni za benki, mpaka kikomo ulichowekewa, na mshahara wako uliomo kwenye akaunti hauguswi siku hiyo. Tarehe mbili ndizo zinazoamua kama mkopo huo utakugharimu au la: siku benki inapofunga hesabu ya mwezi, na siku ya mwisho ya kulipa.

Tuseme hesabu yako hufungwa tarehe 25 ya kila mwezi, na siku ya mwisho ya kulipa ni tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Ukinunua jokofu la shilingi 20,000 tarehe 24 Januari, litaingia katika hesabu ya kesho yake, nawe utakuwa na siku 22 za kulipa. Ukilinunua tarehe 26 Januari, litangoja hesabu ya Februari, na utalipa kufikia tarehe 15 Machi, yaani siku 48 baadaye. Katika hali zote mbili, ukilipa shilingi 20,000 zote kwa wakati, hutozwi riba, mradi huna deni la nyuma kwenye kadi.

Mtego uko kwenye mstari unaosema "kiwango cha chini cha malipo". Kama benki yako inataka asilimia 10, utaona shilingi 2,000, na ni rahisi kudhani kwamba ukizilipa umemalizana nao. La hasha: umeepuka faini ya kuchelewa tu. Shilingi 18,000 zilizobaki, kwa riba ya mfano ya asilimia 3.5 kwa mwezi, zitaongeza shilingi 630 mwezi wa kwanza, na benki nyingi huhesabu riba hiyo tangu siku ya ununuzi. Zaidi ya hayo, ununuzi mpya unaweza kupoteza ile nafuu ya siku za bure hadi ulipe deni lote. Usitoe pesa taslimu kwa kadi hii, kwa kuwa hapo ada hukatwa papo hapo na riba huanza siku hiyo hiyo.

Hata hivyo, sisemi kadi ya krediti haifai. Ukinunua kitu mtandaoni kisifike, au kadi ikatumiwa na mwizi, muamala unaopingwa uko kwenye deni ambalo bado hujalilipa. Kwa debiti, pesa zako zimekwisha kutoka, nawe utasubiri uchunguzi huku akaunti ikiwa na pengo. Mpwa wangu hununua vitu mtandaoni mara chache, kwa hiyo nilimshauri abaki na debiti na M-Pesa kwanza. Ikiwa atachukua ya krediti baadaye, aombe kikomo kidogo anachoweza kukilipa chote kwa mshahara mmoja, kisha aiagize benki imkate deni lote kila mwezi, si kiwango cha chini.