Kabla ya kupandisha kifurushi cha barua pepe, hesabu watu, si mistari

Nauza vifaa vya kuokea keki na kufundisha uokaji, na kila Alhamisi nawatumia wateja na wanafunzi wangu barua pepe. Mwaka jana niliongeza majina ya darasa jipya, na siku hiyohiyo mfumo ukanipandisha kutoka kifurushi cha watu 2,500 hadi cha 5,000. Nilishtuka, kwa sababu nilijua kabisa kwamba wanaosoma barua zangu hawafiki hata 2,000.

Nilipofungua ukurasa wa malipo nikaelewa. Nilikuwa na orodha mbili. Ya wateja ilikuwa na anwani 1,560, na 210 kati yao walishajiondoa. Ya wanafunzi ilikuwa na 980, na 120 walishajiondoa. Mfumo ule ulikuwa unajumlisha kila kitu: 1,560 na 980 ni 2,540. Aliyejiondoa alihesabiwa kwa sababu taarifa zake bado zimehifadhiwa, na aliyenunua sufuria kisha akaja darasani alihesabiwa mara mbili, kwa kuwa kila orodha inajitegemea.

Kuwapata waliojirudia ni kazi ya dakika kumi. Pakua waliobaki katika kila orodha, weka anwani za wateja safu A na za wanafunzi safu B kuanzia mstari wa pili, kisha andika hivi kwenye C2 na uivute hadi chini:

```
=COUNTIF(B:B,A2)
```

Panapotokea 1, mtu huyo yupo kote kuwili. Mimi niliwapata 310. Kwa hiyo waliobaki ni 1,350 na 860, jumla 2,210. Ukitoa 310 unabaki na watu 1,900. Hao ndio ninaowaandikia. Wengine 640 walikuwa mistari tu, na ndio walionivusha mpaka. Fomula hiyo lakini haioni kila kitu. Gmail haijali nukta kwenye jina la anwani, ila mfumo wa kutuma unajali, hivyo mtu aliyejiandikisha mara moja kwa nukta na mara nyingine bila nukta atahesabiwa wawili na atapata barua mbili.

Niliunganisha orodha zikawa moja na kuwatenganisha kwa tagi, «mteja» na «mwanafunzi». Aliye wote wawili anabeba tagi mbili, lakini anahesabiwa mmoja.

Kwa waliojiondoa nakuomba uwe mwangalifu sana, maana hapa ndipo nilipoumiza watu. Kwa haraka ya kuokoa pesa niliwafuta moja kwa moja. Miezi miwili baadaye nikapakia faili la zamani la oda, wakarudi wote kama wapya na wakapokea tangazo. Dada mmoja akaniandikia: «Nilishajiondoa tangu mwezi wa tatu, mbona mnanirudisha?» Alikuwa na haki, na wengine hawakuandika, walibonyeza taka tu. Tangu 2024 Google inawataka watumaji wabakize malalamiko ya taka chini ya 0.3%, yaani kwenye barua 1,000 watu watatu tu wanatosha kukufikisha kwenye kikomo. Kama mfumo wako una kitufe cha `Archive`, angalia kama aliyewekwa huko hatozwi. Mara nyingi hatozwi, na mfumo unaendelea kukumbuka kwamba alijiondoa. Kama hakuna, pakua orodha yao na uitunze, uchuje nayo kila faili kabla ya kulipakia.

Si kila kampuni inahesabu hivyo. MailerLite haiwatozi waliojiondoa, na mtu aliye kwenye makundi mawili ni mmoja. Brevo hutoza zaidi kwa idadi ya barua kuliko idadi ya watu. Kifurushi chake cha bure kinaruhusu barua 300 kwa siku. Kwa mwezi hizo ni 9,000, na mimi natuma 1,900 mara nne, yaani 7,600, kwa hiyo unaweza kudhani zinanitosha. Hazinitoshi: tangazo moja kwa watu 1,900 lingechukua siku saba, na ofa ya Alhamisi ingewafikia wengine Jumatano inayofuata. Ukiona kikomo cha mwezi, uliza pia kama kuna cha siku, na ukumbuke kwamba barua za kukaribisha zinazojituma zenyewe nazo zinakula humohumo.

Siku hizi sisomi ukurasa wa bei peke yake. Nafungua akaunti ya majaribio, natengeneza orodha mbili, naweka anwani yangu kwenye zote, najiondoa kwenye moja, kisha naenda kutazama idadi kwenye ukurasa wa malipo. Ikisoma 2, najua nitatozwa vipi kabla sijatoa hata shilingi.