Maswali na majibu: opsheni za hisa na miaka ya kusubiri

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu IFRS 2, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa malipo ya hisa, na opsheni wanazopewa wafanyakazi, yaani haki ya kununua hisa baadaye kwa bei iliyopangwa. Nikisema opsheni "zimeiva", namaanisha mfanyakazi amemaliza muda aliotakiwa kufanya kazi na sasa ni zake. Ofisini kwetu ndivyo tunavyosema, na nitashika neno hilo hilo hapa.

Mwalimu, kampuni haijatoa hata senti moja. Gharama tunayoandika inatoka wapi?

Inatoka kwa wenye hisa. Mfanyakazi anapopewa haki ya kununua hisa kwa bei ya leo miaka mitatu baadaye, kuna mtu mwingine ambaye kipande chake cha kampuni kinapungua, na kampuni imepata kazi kwa malipo hayo. Ndiyo maana debiti inakwenda kwenye gharama za wafanyakazi na krediti inakwenda kwenye mtaji, katika akiba ya opsheni. Haiendi kwenye madeni, maana hakuna fedha zitakazodaiwa.

Hoja ya "hatujatoa pesa" ni ya zamani na iliwahi kushinda kwa nguvu za siasa. Huko Marekani, watunga viwango walipotaka gharama hii iandikwe, Seneti iliwapinga mwaka 1994 kwa kura 88 dhidi ya 9, na kiwango cha 1995 kikaziruhusu kampuni kuiweka gharama hiyo kwenye maelezo ya chini tu. IFRS 2 ilitoka Februari 2004, na Wamarekani wakafuata Desemba mwaka huo huo. Mkurugenzi anayekuletea hoja hiyo leo mwambie imeshajibiwa, na faida anayojivunia bila gharama hii si faida kamili.

Tulitoa opsheni Januari 2023 hisa ikiwa Sh 50. Sasa ni Sh 28 na hakuna atakayezitumia. Naweza kusimamisha gharama?

Hapana. Swali hili nalijibu kila mwaka, na wanaouliza ni watu wenye vyeti ukutani.

Thamani ya opsheni hupimwa mara moja, siku ya kutolewa, na haiguswi tena. Bei ya hisa ipande au ishuke, thamani ya siku ile inabaki pale pale. Mfanyakazi alikubali kazi kwa opsheni ilivyokuwa siku anaipokea, kama vile ambavyo mshahara mliokubaliana haubadiliki kwa sababu shilingi imedhoofika. Kinachobadilika kila mwisho wa mwaka ni idadi ya opsheni mnazotarajia ziive.

Shika mfano huu. Wafanyakazi 40 wamepewa opsheni 3,000 kila mmoja, thamani ya kila opsheni siku hiyo ni Sh 20, na zinaiva zote kwa pamoja baada ya miaka mitatu. Mwisho wa mwaka wa kwanza wawili wameshaondoka, na mnakadiria kuwa hadi mwisho wataondoka sita. Wanabaki 34. Zidisha kwa 3,000 na kwa Sh 20, unapata Sh 2,040,000. Theluthi yake, Sh 680,000, ndiyo gharama ya mwaka wa kwanza.

Mwaka wa pili wanaondoka wengine watatu, hali inatisha, mnakadiria kuwa jumla wataondoka kumi. Hesabu sasa ni watu 30, yaani Sh 1,800,000. Theluthi mbili zake ni Sh 1,200,000. Mlishaandika 680,000, kwa hiyo mwaka huu ni 520,000. Hamrudi nyuma kufungua hesabu za mwaka jana. Marekebisho yote yanaingia mwaka huu.

Mwaka wa tatu unakwisha, walioondoka kweli ni wanane. Opsheni zimeiva kwa watu 32, jumla Sh 1,920,000. Toa 1,200,000 mlizokwisha kuandika, gharama ya mwaka ni 720,000. Sasa tazama tena hesabu yote uone kama Sh 28 imeingia popote.

Kuna kampuni moja niliyokagua hesabu zake ambako safu ya nne ya jedwali la Eksel iliitwa "bei ya leo", na ilivuta bei ya soko kila faili lilipofunguliwa. Gharama ya miaka miwili ilikuwa imeyumba na soko bila mtu kushtuka, kwa sababu mwaka wa kwanza bei ilipanda kidogo tu. Ukitaka kujua kama jedwali lako lina ugonjwa huo, gawa jumla iliyoandikwa hadi leo kwa idadi ya opsheni zinazotarajiwa na kwa sehemu ya muda iliyopita. Jibu lisipokuwa thamani ya siku ya kutolewa, pale pale pana kosa. Upimaji mpya kila mwaka upo, lakini ni kwa mipango inayolipwa fedha taslimu kulingana na bei ya hisa. Hiyo ni deni, na ni mpango wa aina nyingine kabisa.

Zetu zinaiva kidogo kidogo: 1,000 kila mwaka kwa miaka mitatu. Nimegawanya gharama sawasawa kwa tatu. Mkaguzi anakataa.

Mkaguzi yuko sahihi. Kila fungu la 1,000 ni mpango unaojitegemea, wenye muda wake na thamani yake. Yote matatu yanaanza siku moja, ila yanaisha siku tofauti.

Chukua mfanyakazi mmoja. Tuseme fungu la kwanza lina thamani ya Sh 18 kwa opsheni, la pili Sh 20, la tatu Sh 24, kwa kuwa fungu linaloiva mbali hutarajiwa kukaa muda mrefu zaidi kabla ya kutumiwa. Mwaka wa kwanza unabeba fungu la kwanza lote, 18,000, nusu ya la pili, 10,000, na theluthi ya la tatu, 8,000. Jumla 36,000. Mwaka wa pili ni 10,000 na 8,000, yaani 18,000. Mwaka wa tatu ni 8,000 tu.

Zaidi ya nusu ya gharama yote ya Sh 62,000 inaangukia mwaka wa kwanza. Wakuu wa fedha huichukia sura hii, ndipo mtu anapokwenda kutafuta kitabu cha Kimarekani. Ni kweli kwamba Marekani inaruhusu kugawanya sawasawa pale ambapo sharti pekee ni kubaki kazini. IFRS 2 hairuhusu. Hesabu za Kenya na Tanzania zinafuata IFRS, basi msiniandikie tena mkinukuu kanuni za nchi nyingine. Kama bodi haitaki mzigo huo mwanzoni, iuone kabla ya kusaini mpango, wakati bado inaweza kuchagua opsheni ziive zote kwa pamoja mwishoni.

Wakurugenzi waliahidiwa opsheni hisa ikifika Sh 80 ndani ya miaka mitatu. Haikufika, wao wamebaki kazini. Tunafuta gharama yote?

Hamfuti hata shilingi. Sharti linalotegemea bei ya hisa ni sharti la soko, na uwezekano wa kulikosa ulishapunguza thamani siku ya kutolewa. Opsheni ambayo ingekuwa Sh 20 bila sharti hilo labda ilipimwa kuwa Sh 12 kwa sababu yake. Punguzo mlishalipata mwanzoni, hamwezi kulidai tena mwishoni. Wakurugenzi walifanya kazi miaka yote mitatu, kwa hiyo gharama ya Sh 12 inabaki, ingawa mikononi mwao hawana kitu.

Ingekuwa sharti ni faida ya kampuni, au idadi ya matawi, jibu lingegeuka. Sharti la namna hiyo haliingii kwenye thamani, linaingia kwenye idadi. Faida ikikosa kufika, idadi inayoiva ni sifuri, na gharama yote iliyoandikwa inarudishwa. Kwa hiyo anayeandika sharti kwenye barua ya mkurugenzi anaandika pia hesabu za miaka mitatu, na naomba barua hizo zipite kwa mhasibu kabla hazijatiwa sahihi. Mara nyingi zinatufikia zikiwa zimeshasainiwa.

Kwa kuwa opsheni zetu hazina maana tena, tumewaomba wafanyakazi wazirudishe kwa hiari ili gharama ya miaka iliyobaki isiwepo. Kuna tatizo?

Lipo, na ni kubwa. Kufuta opsheni kabla hazijaiva huchukuliwa kana kwamba zimeiva siku hiyo. Gharama iliyokuwa imebaki yote inaangukia siku ya kufuta. Mfanyakazi wa mfano wetu wa kwanza ana opsheni za Sh 60,000; mwaka mmoja umepita na 20,000 zimeandikwa. Akitia sahihi karatasi yenu ya "hiari", 40,000 zilizobaki zinaingia siku hiyo hiyo. Mlitaka kuzikwepa, mmezivuta mbele. Kuacha kazi ni jambo jingine: anayeondoka kabla ya muda hakutimiza sharti, na gharama yake inarudishwa.

Kama nia ni kuwatia moyo wafanyakazi, njia iko wazi. Toeni opsheni mpya zenye bei ya kununulia iliyo chini, na siku hiyo hiyo andikeni kwamba zinachukua nafasi ya zile za zamani. Hapo gharama ya zamani, zile 40,000, inaendelea taratibu kwa miaka miwili kama mwanzo. Juu yake mnaongeza tofauti tu: ikiwa opsheni ya zamani siku hiyo ilikuwa na thamani ya Sh 3 na mpya ina Sh 11, nyongeza ni Sh 8 kwa kila moja, Sh 24,000 kwa opsheni 3,000, inayogawanywa hadi siku ambayo mpya zinaiva. Msipoandika kwamba zinachukua nafasi ya zile, mtabeba zote mbili: 40,000 papo hapo, na thamani kamili ya mpya kama mpango mwingine.

Zilishaiva, muda wa kuzitumia ukapita, hakuna aliyenunua. Turudishe gharama kwenye faida?

Hapana. Mnaweza kuhamisha akiba ya opsheni kwenda kwenye faida iliyolimbikizwa, ndani ya mtaji huo huo, bila kupitia taarifa ya faida na hasara.

Barua zilitolewa Januari lakini mkutano mkuu wa wenye hisa uliidhinisha Juni. Tupime lini?

Juni, ikiwa idhini hiyo ilikuwa ya lazima. Lakini watu walianza kuzifanyia kazi Januari, basi gharama inaanza Januari kwa thamani ya makadirio, kisha Juni mnaisahihisha kwa thamani ya siku ya idhini. Kama mwaka wenu unaishia Machi, makadirio yanaingia kwenye hesabu za Machi. Msiyasubiri.

Opsheni ni za hisa za kampuni mama iliyo ng'ambo. Sisi hatutoi hisa wala hatuwalipi kitu. Si gharama yao?

Wafanyakazi ni wenu, gharama ni yenu. Debiti gharama za wafanyakazi, krediti mtaji, kama mchango kutoka kwa kampuni mama. Mwombe mhasibu wa kule akutumie thamani ya siku ya kutolewa na masharti ya kuiva mapema, maana takwimu hizo huja wiki ya mwisho ya ukaguzi, na idadi ya walioondoka huwa wameikisia wao wakati orodha ya mishahara iko mezani kwako.