Barua kwa mwanangu: majiko matatu ya stoo

"Mama, shikamoo. Nilipokuja sikukuu nimeona yale majiko matatu ya mchina, ya mafuta ya taa, bado yako stoo, na wewe siku hizi unapikia gesi. Kwa nini huyatupi? Au ndiyo ule ugonjwa wa kurundika vitu?"

Mwanangu, marahaba.

Ugonjwa hapana, na hilo lisikukoseshe usingizi. Uuguzi ulinifundisha kutazama kitanda kwanza. Mwenye ugonjwa huo, ambao madaktari wa akili wa Marekani waliutenga na mengine katika mwongozo wao mwaka 2013, kitanda chake hakilaliki na jikoni kwake hapapikiki, kwa sababu vitu vimekalia kila nafasi. Ukimwondolea hata gazeti la zamani anateseka kwelikweli. Kwangu ulilala, ulipika, na ulipogawa nguo za marehemu baba yako nilikaa barazani nikakuachia. Nililia, lakini nilikuachia.

Sasa kwa nini siyatupi. Mimi naweza kukueleza siku niliyotupa.

Ilikuwa 1983, wakati wa vita dhidi ya wahujumu uchumi. Hadithi za foleni za sukari na sabuni umezisikia kwa wajomba zako hadi umechoka. Ila hofu yake hamkuiona. Mtu akikutwa na bidhaa nyingi ndani aliweza kuitwa mlanguzi, hata kama ni za matumizi yake. Bibi yako alikuwa na katoni ya sabuni za mche, na jiko la mchina jipya la bluu, lililotoka Kenya kwa njia ambayo sisi watoto hatukuambiwa. Mpaka ulikuwa umefungwa tangu 1977, kwa hiyo chochote cha kutoka huko kilikuwa na maswali.

Jioni moja zikaja tetesi pale Magomeni kwamba wanapita nyumba kwa nyumba. Babu yako akasema vitu vitoke usiku huohuo. Tukatumwa mimi na mama yako mdogo, mimi nina miaka kumi na mitano, yeye kumi na miwili. Tuliteremka bonde la Msimbazi, mimi nimejitwisha jiko, yeye katoni. Kabla ya kulisukuma majini nililifunua. Tambi zilikuwa nyeupe, hazijagusa mafuta hata tone. Jiko halikuzama. Liliegama kwenye matete, ubavu mmoja wa bluu uko juu ya maji, nikaliacha hivyo.

Hakuna aliyekuja kutupekua. Si usiku ule, si mwezi ule.

Asubuhi bibi yako aliwasha jiko lake kuukuu achemshe uji. Tangi lilikuwa na tundu dogo chini, na alizoea kuliziba kwa kipande cha sabuni alichokifinyanga kwa vidole, maana sabuni hustahimili mafuta ya taa kwa muda. Mafuta yakaanza kudondoka sakafuni. Akapapasa dirishani anapoweka sabuni, hakuna. Akageuka akanitazama mimi niliyetoka kutupa katoni nzima. Hakusema neno. Mwanamke aliyekuwa akituambia kila siku akiba haiozi, siku ile hakulisema.

Nimekaa na jibu hilo miaka yote: nilitupa, ndiyo maana situpi. Lakini barua yako imenifanya nilikague upya, na naona halisimami. Mama yako mdogo alikuwa na mimi bondeni. Alibeba hizo sabuni zenyewe. Leo nenda kwake Mbezi, kikombe kikimeguka mdomo jioni hakipo. Usiku uleule, bonde lilelile, yeye akajifunza kwamba kitu ndani ya nyumba ni mzigo wa hofu, mimi nikajifunza kwamba kitu kilichotoka hakirudi. Basi siwezi kusema dhiki ndiyo ilinifanya hivi. Dhiki ilitupata wote wawili.

Nadhani tunatofautiana katika hesabu. Kitu ulichotupa kikaja kuhitajika kinakuachia siku yenye sura yake, na mimi bado nauona mkono wa bibi yako ukipapasa dirishani. Kitu ulichokiweka bure hakina siku. Kinakula nafasi kidogo leo, kidogo kesho, na hakuna asubuhi unayoamka ukasema leo nimepata hasara. Kwa hiyo daftari langu lina upande mmoja tu.

Na upande huo una ingizo jingine. Mafuta ya taa tuliyaacha baada ya bajeti ya 2011, kodi ilipopandishwa ili kukomesha uchakachuaji, bei ikaikaribia ya dizeli. Tangu hapo yale majiko yametumika mara moja tu, usiku wa kuamkia arobaini ya baba yako. Wewe ulikuwa umelala na mtoto. Gesi ilikata saa tano, mitungi yote miwili, maharage bado mabichi. Kijana wa jirani akakimbilia kituoni na dumu, na mimi na shangazi yako tukatengeneza jiko moja kutoka katika matatu. Moja lilikuwa na tangi zima. La pili tuling'oa tambi zake kujazia zilizopungua. La tatu tulichukua ule mkebe wenye matundu unaokaa juu ya tambi, maana wa la kwanza ulikuwa umeliwa na kutu. Nikakata ncha zilizoungua kwa mkasi, zote usawa mmoja, kwa sababu tambi moja ikizidi wenzake moto unakuwa wa njano na sufuria linajaa masizi. Shangazi yako alitaka kuwasha palepale, nikamzuia. Tambi kavu huungua yenyewe. Lazima inywe mafuta kwanza, karibu robo saa. Tulipowasha, moto ukazunguka polepole ukageuka bluu. Nilijisikia nimemrudishia bibi yako kitu.

Mara moja katika miaka yote hiyo. Nikisema akiba haiozi, nawe utasema bati linaoza, na kweli lile la tatu limebaki maganda.

Mwezi uliopita alipita mnunuzi wa chuma chakavu na guta lake, akataka kunipa elfu mbili kwa yote matatu. Nilikasirika kama amenitukana. Alipoondoka nikajiuliza: yangekuwa yake, akaniuzia mimi kwa bei hiyo, ningeyanunua? Nisingetoa hata buku. Nilikumbuka jaribio la watafiti Kahneman, Knetsch na Thaler, waliloliandika mwaka 1990. Wanafunzi wa chuo waligawiwa vikombe, nusu wakapewa, nusu wakakosa. Waliopewa, dakika chache tu baadaye, walitaka bei karibu mara mbili ya ile wenzao waliyokuwa tayari kulipa. Kikombe cha dakika chache. Sembuse jiko lililopika maharage ya arobaini ya mume wako.

Unataka niseme yaondoke au yabaki. Sitaki kulisema, kwa sababu nikisema yabaki, utayabeba wewe baada yangu, na nikisema yaondoke, mtu atalazimika kuyatoa nje, na najua mtu huyo hurudi nyumbani vipi. Lile la tatu, haya, mpe mwenye guta akipita. Ila tambi zake zilizobaki uzichomoe kwanza, usizikate. Zifunge kwenye karatasi, uniwekee pale dirishani.

Mama yako