Maswali na Majibu: Indakta Inaposhiba, Transista Ndiyo Inayolipa

Konvata yangu inashusha 12 V kuwa 5 V, mzigo 3 A, masafa 500 kHz. Indakta ya 10 µH ilivunjika nikaweka nyingine ya 10 µH. Inafanya kazi vizuri dakika kadhaa, kisha mosfeti inakufa. Nimeshabadilisha mbili. Je, mosfeti ni feki?

Inawezekana, ila ningeanza na indakta. Barua za namna hii ni nyingi, na karibu zote zinataja µH bila kutaja `Isat`, yaani mkondo wa kushiba: ule unaojaza kiini cha indakta sumaku hadi kisiweze kubeba zaidi.

Tufanye hesabu. Mosfeti ikiwaka, indakta inapata 12 V upande mmoja na 5 V upande wa pili, yaani 7 V zinabaki juu yake. Mkondo unapanda kwa kasi ya volteji ukigawanya kwa indaktansi: 7 V kwa 10 µH ni 0.7 A kila mikrosekunde. Kwa 500 kHz duru moja ni mikrosekunde 2, na mosfeti inakaa imewaka kama 0.83 kati ya hizo, kwa hiyo mkondo unapanda 0.58 A. Nusu yake iko juu ya wastani wa 3 A na nusu iko chini, hivyo kilele ni takriban 3.3 A. Hapo hakuna tatizo.

Sasa tuseme indakta uliyoweka ni ndogo, ya feraiti, na datashiti yake inasema `Isat` 3.5 A. Ukiangalia haraka utaona 3.5 ni zaidi ya 3.3, ukaridhika. Lakini namba hiyo imepimwa kwa nyuzi 25, na mara nyingi maana yake ni mkondo ambao indaktansi *tayari imeshapungua* kwa asilimia 30. Si mstari wa usalama, ni mahali ambapo kushiba kumeshaanza. Isitoshe, feraiti za nguvu zinabeba sumaku kidogo zikipata joto: ile inayofika karibu tesla 0.49 kwa nyuzi 25 inabaki na karibu 0.39 kwa nyuzi 100. Hiyo ni pungufu ya moja ya tano. Ile 3.5 A yako imekuwa 2.8 A, na mzigo wenyewe ni 3 A. Dakika kadhaa ulizotaja ni muda wa kiini kupata joto.

Kiini kikishiba, indaktansi inaporomoka. Ikishuka hadi 3 µH, mkondo unapanda karibu 1.9 A ndani ya muda uleule, na kilele kinafika 4 A. Kwa kweli kinaweza kupita hapo, kwa sababu mstari haupandi sawasawa: unaanza taratibu, halafu unaruka mwishoni, sekunde ileile mosfeti inapotakiwa kuzima. Mosfeti inakata mkondo mkubwa zaidi, na nishati iliyojificha kwenye njia za shaba, ambayo ndiyo inayorusha volteji juu wakati wa kuzima, inakua kwa mraba wa mkondo. Kutoka 3.3 A hadi 4 A ni ongezeko la karibu nusu. Wakati huohuo amita uliyoweka kwenye mzigo inasoma 3 A ileile, kwa sababu wastani unaamuliwa na mzigo. Ndiyo maana huoni kitu mpaka mosfeti iondoke.

Usinunue mosfeti ya tatu kabla ya kubadilisha indakta.

Nimepima indakta hiyo kwa mita ya LCR, inasoma 10 µH kamili. Bado unailaumu?

Ndiyo. Mita inapima kwa mkondo wa miliampea chache, na kwa mkondo huo hata kiini kibovu kabisa hakijashiba.

Nikiigusa indakta haina joto kali. Si dalili kwamba haijashiba?

Si dalili. Hasara ya kushiba huanza kuonekana kwenye mosfeti na kapasita ya kuingilia. Kidole chako kinapima joto la uso, hakipimi sumaku.

Kwenye datashiti kuna `Isat` na `Irms`. Nifuate ipi?

Zote mbili, kila moja kwa kazi yake, na ningependa swali hili lisirudi tena mwezi ujao. `Irms` ni habari ya joto la waya: mkondo ambao unapandisha joto la indakta kwa kiasi kilichotajwa, mara nyingi nyuzi 40. Unalinganishwa na mkondo wa kawaida wa mzigo. `Isat` ni habari ya kiini, na unalinganishwa na kilele. Wauzaji wanaoandika namba moja tu kwenye tangazo huchagua ile kubwa, na hawakuambii ni ipi.

Usilinganishe `Isat` za watengenezaji wawili kabla hujasoma maandishi madogo chini ya jedwali. Mmoja anahesabu indaktansi ikishuka asilimia 10, mwingine 20, mwingine 30. Ukipata mchoro wa indaktansi dhidi ya mkondo, tupa jedwali ufuate mchoro. Feraiti inakaa bapa halafu inaanguka ghafla kama ukingo. Kiini cha unga wa chuma kinateremka polepole tangu mwanzo, na hicho kinakusamehe ukipitiliza kidogo. Feraiti haisamehi.

Nimeamua kusuka indakta mwenyewe. Nikiongeza raundi za waya, si itachelewa kushiba?

Kinyume chake, na kosa hili limeunguza vifaa vingi. Kwa kiini kilekile na pengo lilelile, sumaku ndani ya kiini inakua kwa raundi mara mkondo. Ukizidisha raundi mara mbili, indaktansi inakuwa mara nne, unafurahi, lakini mkondo wa kushiba unashuka hadi nusu.

Chukua pete ya feraiti isiyo na pengo, zile zinazochomolewa kwenye vichujio vya kelele. Tuseme upenyezaji wake ni 2000, njia ya sumaku ina urefu wa milimita 60, na eneo la kiini ni milimita za mraba 50. Ukisuka raundi 10 unapata karibu 210 µH, namba ya kuvutia sana. Ila kwa tesla 0.4 pete hiyo inashiba kabla mkondo haujafika 1 A. Kuiweka kwenye konvata ya 3 A ni kama kuweka waya mtupu.

Kata pengo la hewa la nusu milimita kwenye kiini cha vipimo hivyohivyo, uache raundi 10. Indaktansi inashuka hadi karibu 12 µH, na mkondo wa kushiba unapanda hadi kama 17 A. Pengo halikuongeza uwezo wa feraiti kubeba sumaku; limefanya kila ampea ilete sumaku kidogo. Kwa hiyo kama unataka indaktansi kubwa na mkondo mkubwa kwa pamoja, hakuna ujanja wa raundi utakaokusaidia. Unahitaji kiini kinene zaidi. Na usijaribu kuziba pengo kwa gundi ya unga wa chuma ili “kuongeza µH”. Utazipata, na indakta itashiba.

Nipunguze masafa hadi 250 kHz ili mosfeti ipumzike?

Kwa indakta hiyohiyo, hapana. Muda wa kuwaka unakuwa mara mbili, mkondo unapanda 1.17 A badala ya 0.58, na kilele kinafika karibu 3.6 A hata kabla ya kushiba.

IC yangu ina kikomo cha mkondo cha 6 A. Basi hata indakta ikishiba, si kikomo kitakata?

Kitakata, lakini kwa kuchelewa. Kilinganishi cha ndani pamoja na muda wa kupuuza kelele za kuwasha vinaweza kuchukua nanosekunde 100. Pato likiwa limepigwa shoti, 12 V zote zinakaa juu ya indakta. Kwa 10 µH nzima, ndani ya nanosekunde 100 mkondo unapitiliza kikomo kwa 0.12 A tu, kitu kisicho na madhara. Kwa indakta iliyoshiba ikabaki 1 µH, unapitiliza kwa 1.2 A. Ikibaki 0.3 µH, unapitiliza kwa 4 A, na mosfeti inazima 10 A wakati wewe uliamini ni 6.

Tena, kikomo cha 6 A si 6 A kamili. Soma safu ya kiwango cha juu. Ikisema 7 A, hiyo 7 ndiyo namba ya kuchagulia indakta. Kwa feraiti, hakikisha mchoro wa nyuzi 100 bado uko bapa kwenye 7 A, ijapokuwa mzigo wako ni 3 A. Mkondo hugonga kikomo kila inapotokea shoti, na mara nyingi hata wakati wa kuwasha, kapasita za kutoka zikiwa tupu.

Kuna dalili nyingine huwa haihusishwi na indakta: konvata ikipata joto, volteji ya kutoka inashuka au inawaka na kuzima, na hakuna kilichoungua. Hapo kilele cha mkondo kinafika kwenye kikomo mapema, IC inakata kila pigo kabla ya wakati, na wastani hautoshi mzigo. Watu hubadilisha IC. IC inafanya kazi yake.

Nitajuaje kwa hakika kwamba imeshiba?

Kwa osiloskopu na probu ya mkondo. Nyanyua mguu wa indakta ulio upande wa kapasita ya kutoka, si ule wa mosfeti wenye kelele, unganisha kitanzi kifupi cha waya, ubane probu hapo. Chaneli ya pili iweke kwenye makutano ya mosfeti na indakta ili ujue ni lini imewaka. Pandisha mzigo 1 A, 2 A, 3 A, ukiangalia mteremko wa kupanda. Ukiwa mstari ulionyooka mpaka juu, kiini kizima. Ukipinda kuelekea juu mwishoni, umeona kushiba kwa macho yako. Rudia baada ya kuipasha indakta kwa hewa ya moto, maana kipimo cha baridi peke yake kinadanganya.

Unaweza hata kuhesabu: volteji mara muda, gawanya kwa ongezeko la mkondo. Kama mwanzoni mkondo unapanda 0.35 A ndani ya nusu mikrosekunde chini ya 7 V, indaktansi ni 10 µH. Kama mwishoni unapanda 0.35 A ileile ndani ya 0.1 mikrosekunde, imebaki 2 µH.

Asiye na probu ya mkondo aweke rezista ya 20 mΩ kati ya indakta na kapasita ya kutoka, na klipu ya gandi ya osiloskopu iwe upande wa kapasita. Hiyo ni kwa betri au pawa saplai iliyotengwa na ardhi tu, na mzigo vilevile usiguse ardhi. Kwenye kifaa kilichounganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani usithubutu kuweka klipu hapo.